Petroli ya chenso, njiti tatu na mtoto wa miaka tisa

Mbwa mdogo alikuwa amefungwa kwa kamba ya katani kwenye kisiki cha mkaratusi, nyuma ya jiko. Majani makavu yaliyomzunguka yalikuwa yamemwagiwa petroli ya chenso. Haikuwa nyingi, vifuniko viwili au vitatu vya chupa ya maji. Njiti moja ilitosha. Moto ulilipuka, ukashika nyasi, ukaanza kuelekea kwenye miche ya misindano ya jirani. Watu wakauzima kwa matawi mabichi na ndoo za maji. Mbwa aliungua tumbo na miguu ya mbele, lakini alipona.

Aliyewasha alikutwa amejibanza kwenye banda la kuku, anatetemeka. Ana miaka 9.

Jioni, bibi anayemlea hakuuliza habari za miche wala za mbwa. Aliuliza jambo moja tu: "Huyu mjukuu wangu atakuja kuua watu?"

Kisa hiki cha Mufindi nimekiunga kutokana na mambo yanayojirudia katika familia nyingi, ili asitambulike mtoto yeyote. Swali la bibi sikulibadilisha hata neno. Limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, maana majibu mawili yanayotolewa haraka, "ni utoto tu" na "huyo ameshaharibika", yote yanamwacha mtoto na kiberiti chake pale pale alipokuwa.

## Dalili tatu zinazozunguka kwenye simu

Jirani mmoja alikuwa na jibu tayari. Alisoma mahali kwamba mtoto anayechoma vitu, anayetesa wanyama na anayekojoa kitandani huyo ni muuaji wa kesho. Na huyu mtoto anazo zote tatu.

Habari hiyo ina asili yake. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili aitwaye John Macdonald, aliyefanya kazi Colorado, Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa waliotishia kuua watu. Akaona kwamba baadhi yao walikuwa na historia ya mambo hayo matatu utotoni. Sasa tazama alianzia wapi. Alianza na watu wazima ambao tayari walikuwa wamefikishwa hospitali kwa vitisho, kisha akarudi nyuma kwenye utoto wao. Hakuchukua watoto wanaochoma vitu akawafuatilia mpaka wakakua. Kwa njia yake huwezi kujua ni watoto wangapi waliofanya mambo yale yale na leo wanalima viazi Makete au wanafundisha shule, hawana habari na mtu. Waliokuja kuupima utatu huo baadaye hawakuona kwamba unaweza kutabiri muuaji.

Kukojoa kitandani ndiyo dalili dhaifu kuliko zote. Watoto wengi wa miaka sita au saba bado wanalowesha godoro, na sababu kubwa ni kwamba miili yao haijakomaa kwenye jambo hilo. Lakini huyu wa kwetu ana habari nyingine: aliacha akiwa na miaka minne, akakaa mkavu miaka mitano, akaanza tena mwezi wa tatu mwaka huu. Mtoto aliyekuwa mkavu akirudia kulowesha, kuna kitu kimebadilika. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, huenda ni sukari, huenda ni choo kigumu, huenda ni hofu. Kipimo cha mkojo kinapatikana kwenye vituo vingi vya afya, na kifanywe kabla hatujaanza kuzungumzia roho yake.

Ukatili kwa wanyama na kuchoma kwa makusudi ni mambo mazito zaidi. Wataalamu wanayahesabu miongoni mwa dalili 15 za tatizo la mwenendo, na ili mtoto aitwe mwenye tatizo hilo lazima zionekane angalau tatu ndani ya miezi 12. Tukio moja, hata likiwa baya kama hili, halitoshi kumpa jina hilo. Linatosha kabisa kumfanya mtu mzima aahirishe shughuli zake na kukaa naye.

## Hapa kwetu moto haufichiki

Mwongozo wa kulea mtoto ulioandikwa mjini utakwambia uondoe moto kwenye mazingira yake. Mwandishi wake hajawahi kuamka Kibengu au Makete mwezi wa saba, baridi imeshika na majani yamekuwa meupe kwa barafu. Mtoto wa huku anaota moto na wenzake, anatumwa kuni, anachochea jiko akiwa na miaka sita. Anaona wakubwa wanachoma mabaki shambani kabla ya mvua. Wavulana wana manati, wanatega ndege, wanachimba panya na kuwabanika. Kuku akichinjwa, mtoto ndiye anayeshika miguu.

Hayo yote si ukatili. Mtoto anayewinda panya kwa ajili ya kula, tena na wenzake, mchana kweupe, anafanya kazi anayoijua kijiji kizima. Wasiwasi unaanza pale maumivu ya mnyama yanapokuwa ndiyo shabaha yenyewe: anayafanya peke yake, anayaficha, anarudia, au anachagua mnyama ambaye mtu fulani anampenda.

Moto nao hivyo hivyo. Wa mtoto mdogo anayeuchunguza huwa karibu, chini ya kitanda au nyuma ya choo, na anatumia alichokikuta: karatasi, majani, kipande cha nailoni. Ukimshinda anakimbia. Moto wa namna hiyo unaweza kuteketeza nyumba kama mwingine wowote, ila ukiondoa kiberiti, ukamfundisha na kumsimamia, mara nyingi unaishia hapo. Mambo yanabadilika mtoto anapokusanya vifaa mapema, anapoleta mafuta, anapochagua mahali au kitu cha mtu, na anapofanya hivyo kila akiwa na hali fulani moyoni.

Kamba ya katani ilinisumbua kuliko petroli. Kamba maana yake alijiandaa.

## Saa ya kwanza

Moto ukizimwa, kazi ya kwanza ni miili. Mtoto akaguliwe mikono, nyusi na miguu, maana mwenye hofu huficha kidonda. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na unga visipakwe. Kama mbwa alimng'ata wakati wa purukushani, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo mtoto aende kituo cha afya kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa aliyeungua apelekwe kwa bwana mifugo. Asitupwe vichakani afie huko mtoto akijua.

Moto ukiwa unaelekea kwenye nyumba au msitu na watu hawauwezi, namba ya Zimamoto ni 114.

Kisha mtu mmoja anayeaminiwa na mtoto amtoe kwenye kundi. Maneno yawe machache, na sauti iwe ya chini: "Moto umezimwa. Mbwa anatibiwa. Jambo ulilofanya ni la hatari, na tutalizungumza kesho. Leo unakaa karibu na mimi." Basi. Hapo kosa halijafichwa wala mtoto hajatupwa.

Kuna adhabu moja inabidi niitaje wazi kwa sababu bado ipo: kumshikisha mtoto kaa la moto au kumchoma vidole "ajue moto unavyouma". Hiyo ni kumjeruhi mtoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa au kumpa adhabu ya kikatili. Tena haifikii hata lengo lake, maana inamfundisha kuwa mwenye nguvu humchoma asiye na nguvu, somo ambalo tayari amelijaribu kwa mbwa. Wengine humpa boksi zima la kiberiti awashe njiti zote mpaka achoke. Mtoto ambaye moto unamtuliza, kwa zoezi hilo umemzidishia.

Viboko vya papo hapo vina hasara nyingine. Kesho utataka akuambie alipoficha njiti zilizobaki. Mtoto aliyepigwa hatakuambia, na moto unaofuata atauwasha mbali na macho yako, mahali ambapo hata ndoo ya maji haifiki.

Na simu ziwekwe mfukoni. Video ya mtoto analia mbele ya mbwa aliyeungua itakuwa bado inazunguka kwenye makundi ya kijiji akiwa na miaka ishirini.

## Mstari kwenye boksi

Mazungumzo yenyewe yafanyike kesho yake, mtoto akiwa amelala na kula. Aulize mtu mmoja, mahali tulivu, nusu saa au pungufu. Asiwepo mwenye petroli, asiwepo mwenye mbwa, asiwepo mwenye fimbo. Watu watano wakimuuliza mambo yale yale, kila mmoja kwa hasira yake, mtoto ataanza kutunga majibu ya kumridhisha kila mmoja.

Usianze na "kwa nini". Kwa mtoto wa miaka tisa neno hilo ni mahakama, na jibu lake ni "sijui". Mara nyingi kweli hajui.

Njia inayofanya kazi ni kuchora. Chukua kipande cha boksi na penseli, au hata mkaa. Chora mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Mwisho wa kushoto weka alama: "Hapa ndipo ulipoamka." Katikati chora moto: "Hapa ndipo nyasi zilipowaka." Mwisho wa kulia: "Hapa ndipo tulipokukuta bandani." Halafu mwambie mjaze nafasi zilizo wazi pamoja, mkianzia mbali na moto. Kwa kila alama uliza mambo matatu tu: nini kilitokea, kichwani ulisema nini, na mwilini ulisikia wapi. Swali la mwili linaonekana la ajabu, lakini watoto wengi wasio na jina la hisia wanaweza kuonyesha kwa kidole mahali inapokaa.

Wa kwetu alianza hivi. Aliamka godoro limelowa. Mjomba, ambaye alihamia pale mwezi wa tatu, alimlazimisha kulibeba hadi kando ya barabara na kusimama nalo wakati wenzake wanapita kwenda kuchota maji. Wakamwita kikojozi. Aliporudi alipigwa kwa waya.

"Mwilini ulisikia wapi?"

Akaweka kiganja kifuani. "Panabana."

Alama iliyofuata: alikwenda kwenye stoo ambako mjomba, mpasua mbao, anaweka dumu la petroli ya chenso. Njiti alikuwa nazo tatu, kazihifadhi kwenye chupa ya dawa ndani ya banda la kuku. Alimfunga mbwa "asikimbie". Kwa nini huyo mbwa, hakuulizwa, alisema mwenyewe: "Ndiye anayepewa nyama."

Nyasi zilipowaka?

"Kifua kilifunguka kidogo."

Na baada ya hapo?

Hapo alinyamaza muda mrefu. Muulizaji naye akanyamaza, na alifanya vizuri, kwa kuwa mtu mzima akijaza ukimya huo kwa nasaha ndipo mtoto anapojifungia. Kisha: "Alilia kama mimi." Alijaribu kufungua kamba, fundo likakataa kwa sababu lilikuwa limekaza. Alikimbilia ndoo, akakuta haina maji. Akaenda kujificha.

Swali la mwisho kwenye boksi ni la mistari mingine: kumewahi kuwa na moto mwingine? Ulikuwepo, mara tatu. Mabua ya mahindi, kandambili, na kiroba cha mjomba. Yote tangu mwezi wa tatu, mama yake alipokwenda Dar kutafuta kazi. Yote asubuhi za godoro.

## Maswali mawili yasichanganywe

Hapa ndipo watu wazima wengi hupotea, hata wenye elimu. Swali la kwanza ni hili: kuna hatari gani ya moto mwingine au mnyama mwingine kuumizwa ndani ya wiki hizi? La pili: huyu ni mtoto wa namna gani? Tunapenda kulijibu la pili, halafu jibu hilo hilo tulitumie kwa la kwanza. Tukiona amelia na kujuta, tunasema hana neno, kiberiti kinarudi juu ya kabati. Tukiona hakulia, tunamwita shetani na hatumsikilizi tena.

Tulisome boksi kwa swali la kwanza. Ni moto wa nne. Vifaa vilifichwa. Petroli imeingia, tena petroli ni mbaya kuliko mafuta ya taa, kwa sababu mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na unaweza kuwaka mbali na ulipomwaga, ukamfuata hadi mkononi mwenye njiti. Kiumbe hai kimetumika. Na lile neno "kifua kilifunguka" linatuambia kwamba moto unamfanyia kazi: unaondoa kitu kinachombana. Kinachotuliza hurudiwa. Kwa hiyo hatari ya wiki hizi ni kubwa, hata kama mtoto amejuta kwa machozi ya kweli.

Sasa kwa swali la pili. Alijaribu kufungua kamba. Alitafuta maji. Alisikia kilio cha mbwa akakifananisha na chake. Ameeleza bila kumsingizia mtu. Moto wote una tarehe ya kuanza, na tarehe hiyo ndiyo mama alipoondoka na mjomba alipofika. Anachomfanyia mbwa ndicho anachofanyiwa yeye. Mtoto anayemuumiza mnyama, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, anaishi kwenye nyumba ambayo kuna mtu anaumizwa, na mara nyingine mtu huyo ni yeye. Ndiyo maana mtaalamu akisikia habari ya mnyama, huuliza habari za nyumba.

Bibi akijibiwa kwa haki ataambiwa: hakuna awezaye kukuambia atakavyokuwa akiwa mkubwa, na mambo mengi kwenye boksi hili yanaelekea upande mzuri. Lakini usiku wa leo, kiberiti kilale kwako.

## Kiberiti kwenye pindo la khanga

Kinga ya nyumbani ni kazi ya mikono. Boksi moja tu la kiberiti kwenye nyumba, linakaa kwa mtu mzima, mwilini. Pindo la khanga linatosha. Njiti zinahesabiwa jioni na namba inaandikwa ndani ya mfuniko. Viberiti vya gesi vinatafutwa kwenye mifuko ya makoti na kwenye stoo. Koroboi ikitumika, inawashwa na kuzimwa na mkubwa. Dumu la petroli linatoka nyumbani kabisa, linahamia kwenye stoo inayofungwa kwa kufuli, na ufunguo hauning'inizwi ukutani.

Chumba anacholala kikaguliwe mbele yake, bila kuficha: "Natafuta njiti. Ukiwa nayo nipe, hutapigwa." Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, imekwisha.

Kwa wiki za mwanzo mtoto asiachwe peke yake na mnyama yeyote, hata kuku. Hii si adhabu, na aambiwe hivyo. Watu wana tabia ya kumpa mtoto mbwa aliyemuumiza amtunze "ili ajifunze huruma". Wazo linavutia, ila unampa asiyejimudu bado kiumbe asiyeweza kujitetea. Fidia ipo ya namna nyingine: asaidiane na bibi kupanda upya miche ya jirani, na akasimame mbele ya jirani aseme alichofanya. Achimbe mashimo mwenyewe. Kwa mbwa, anaweza kujaza maji kwenye bakuli bibi akiwa pale pale.

Na moto wa kuota? Hauondolewi. Sheria ni kwamba moto wa nyumba hii unawashwa na mkubwa, mtoto anakaa hatua moja nyuma, na kabla watu hawajaondoka wanamwaga maji, wanakoroga majivu, wanamwaga tena. Hiyo ya pili anaweza kupewa yeye. Mtoto anayechoma vitu anafaa kujua namna moto unavyokufa, na afundishwe na mtu asiyefoka.

Bado kuna kifua kinachobana. Kumwambia aache bila kumpa pa kupeleka hali hiyo ni kusubiri moto wa tano. Mpango wake uwe mfupi: kifua kikibana, anakwenda alipo bibi na kusema neno moja walilokubaliana, hata mbele za wageni, na bibi anaacha analofanya. Walikubaliana neno "ndoo". Likisemwa, wanatoka wote wawili kuteka maji. Godoro likilowa, linaanikwa uani, shuka anafua pamoja na mkubwa, na hakuna anayetamka lolote. Hapo peke yake kichocheo cha asubuhi kinapungua.

## Mjomba

Yote yaliyoandikwa juu ni bure kama waya bado unaning'inia pale mlangoni.

Hili ndilo gumu zaidi, kwa sababu mjomba ndiye anayeleta unga, na jioni akitoka kwenye komoni hakuna wa kumwambia neno. Bibi anamhitaji na anamwogopa. Kumwambia bibi "mkabili" ni kumtupia mzigo asioweza kuubeba. Pa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Apewe mambo matatu: lile boksi lenye mstari, alama za waya kama zipo, na maneno ya mtoto yaliyoandikwa kama alivyoyasema bila kunyooshwa. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo, na mtu yeyote anaweza kuipiga, jirani hata mwalimu. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa pale ambapo kipigo kinaendelea.

Mtoto akianza kusimulia kuumizwa, mkubwa asigeuke mpelelezi. Asikilize, aseme "umefanya vizuri kuniambia", asiahidi kwamba itakuwa siri, na apeleke mbele. Maswali ya kumwelekeza, kama "ni mjomba, sivyo?", huharibu ushahidi na kumchanganya mtoto.

Watu wa kijiji wakitaka kumpeleka mtoto polisi kwa sababu ya miche, wajue pia sheria inasemaje. Kwa Kanuni ya Adhabu, mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Aliye chini ya 12 naye hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa asingepaswa kutenda alilotenda. Huyu ana 9. Hasara ya miche inazungumzika kwa mwenyekiti wa kitongoji, baina ya wakubwa.

## Dalili zisizosubiri

Zipo hali ambazo bibi na boksi lake hawatoshi, na kusubiri wiki mbili uone ni kosa. Mtoto anayetaja mtu kwa jina na kusema atamchoma akiwa amelala. Anayewasha moto mlangoni au kwenye nyumba yenye watu ndani. Anayeumiza wanyama mara kwa mara huku akitulia au kucheka, na ambaye kwa watu pia haonyeshi kujali, nyumbani na shuleni, kwa miezi mingi. Anayesema anataka kufa, au anayejichoma mwenyewe. Anayeumiza sehemu za siri za mnyama: hapo lazima mtu mwenye ujuzi achunguze kama mtoto mwenyewe amefanyiwa ukatili wa kingono. Aliyebadilika ghafla baada ya kuumia kichwa, homa kali au degedege. Anayesema sauti zinamwamuru.

Hao waende hospitali ya wilaya, na kutoka huko wapate rufaa kwenye huduma ya afya ya akili. Ukanda huu rufaa kubwa ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Safari ikiwa ya siku mbili tatu, usiku wote mtu mzima alale chumba kimoja na mtoto, na mwenye kulinda asiwe mtoto mwenzake. Bebeni lile boksi. Daktari akilipata hana haja ya kuanza upya kumhoji mtoto aliyechoka na safari.

Kwa mtoto wa kisa chetu, anayehitaji msaada lakini si wa usiku huu, matibabu yenye faida ni ya maneno na mazoezi: mtaalamu anamfundisha kutambua kifua kinapoanza kubana na nini cha kufanya kabla hakijafika kwenye njiti, na anamfundisha mlezi kumsimamia bila kipigo. Hakuna kidonge cha kuzuia kuwasha moto. Akija mtu na dawa ya kumtoa pepo kwa kumfukiza moshi, muulize bibi kama kweli anataka mtoto huyu arudishwe kwenye moshi na moto.

## Njiti ikipungua

Kurudia kupo. Mara nyingi kunakuja mambo yakishaonekana kutulia: mama amepiga simu kusema hatakuja Krismasi, mjomba amerudi kuchukua vitu vyake, shule zimefungwa na siku ni ndefu. Mwezi wa tisa na wa kumi ndiyo hatari zaidi kwa upande wa msitu, kila kitu kimekauka, upepo upo, na cheche moja ya uani inafika mbali. Hesabu ya njiti iendelee mpaka mvua zishike, hata kama tangu ule wa mbwa hakujawashwa moto mwingine.

Jioni ambayo namba kwenye mfuniko haitimii, usianze na fimbo wala na hukumu. Funga kuku, sogeza ndoo zilizojaa, kaa naye karibu. Halafu chukua boksi jipya, chora mstari, na muulize leo aliamkaje.